Dakika moja na daftari la pweza

*Shikamoo mwalimu. Naomba feloshipu ya mwaka mmoja ya vijana wanaofanya kazi za uhifadhi wa bahari. Wanataka video ya dakika moja ya kujitambulisha, Kiswahili au Kiingereza. Maneno yangu nimekuambatanishia. Nimerekodi mara tisa, na kila nikimaliza ni dakika moja na sekunde hamsini. Nikiharakisha nasikika kama mtangazaji wa mpira. Natoka Kigombe, huwa napima pweza wa kina mama. Nikate wapi?*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kushika mkasi tuhesabu kwanza. Maneno uliyoniletea ni 205, na umeyasema kwa sekunde 110. Gawanya, utaona kwamba kwa sekunde moja unasema maneno mawili kasoro kidogo. Hiyo ndiyo kasi yako ya kawaida na ni kasi nzuri, usiiguse. Kwa kasi hiyo dakika nzima inabeba maneno 110 hivi, na ukiacha nafasi ya kuvuta pumzi yanabaki mia moja. Kwa hiyo nusu ya ulichoandika hakina mahali pa kukaa, hata ungekipenda vipi.

Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wanasoma ushauri ulioandikwa kwa Kiingereza kwamba dakika moja inataka maneno 130 mpaka 150. Kwa Kiingereza ni kweli. Lakini neno letu moja, kama "nawapimia", Mwingereza analisema kwa maneno manne. Neno la Kiswahili ni refu, linakula muda. Ukiandika maneno 150 ya Kiswahili ujue umeandika dakika moja na nusu, na hapo ndipo mtu anapoanza kutangaza mpira.

Sasa tuangalie muda wako umekwenda wapi. Ulianza hivi:

"Habari za muda huu. Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya njema, na pia napenda kuchukua fursa hii kuwashukuru waandaaji wa programu hii. Kwa majina naitwa fulani binti fulani, natokea mkoa wa Tanga, wilaya ya Muheza, kata ya Kigombe, nikiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Mimi ni kijana mwenye ari, mchapakazi na mwenye maono ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu."

Hapo pana maneno 66. Ni sekunde 35, zaidi ya nusu ya dakika uliyopewa, na bado hujasema jambo ambalo msikilizaji asingelipata kwa mwombaji mwingine yeyote. Usinielewe vibaya kuhusu shukrani. Kwetu mtu anayeingia na hoja bila salamu anaonekana hana malezi, na mimi ningekuwa wa kwanza kukukemea ungefanya hivyo barazani. Lakini kwenye video hujaingia nyumbani kwa mtu. Yeye ndiye amekufungua, kwa kidole, na saa inahesabu. Mshukuru Mungu kabla ya kubonyeza kitufe, na waandaaji washukuru kwenye usaili.

Nimewahi kukaa meza ya kuchuja maombi ya namna hii, kwa hiyo nikueleze upande wa pili unavyofanana. Mchujaji ana fomu yako pembeni. Wilaya, kata, shule, mwaka wa kuzaliwa, vyote anaviona. Ana karatasi ya alama yenye vipengele vichache: huyu anafanya nini hasa, kwa nini anatufaa, anaeleweka akizungumza. Anatazama video moja baada ya nyingine, na kufika adhuhuri ameshasikia "mabadiliko chanya" mpaka maneno hayo hayamgusi tena. Kalamu inaandika pale tu anaposikia kitu kinachoweza kuandikwa. "Mchapakazi" haliandikiki, maana kila mtu kasema. "Anapima pweza, ana daftari" linaandikika.

Na daftari hilo umelificha! Nimelikuta sentensi ya kumi na moja, sekunde ya themanini na kitu, umelitaja kama mtu anayetaja mwavuli aliousahau: "pia huwa naandika kwenye daftari uzito wa pweza kila bamvua," yaani siku zile maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida. Mwanangu, hiyo ndiyo video yako. Mtu anayeomba kujifunza uhifadhi wa bahari na tayari ana vipimo vya miezi na miezi alivyoviandika kwa mkono wake hahitaji kujisifu. Awaonyeshe daftari.

Wazo langu la kwanza lilikuwa uanze na pweza mdogo juu ya mzani. Picha yake ni kali: mikono minane inaning'inia, sindano ya mzani haijafika nusu kilo. Nililifuta wazo hilo nikiwa bado naandika. Pweza wa chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa kisheria, na wewe ungekuwa umemwonyesha dunia pweza haramu aliyeletwa na mama fulani wa kijijini kwako, kwenye video ambayo huna uwezo wa kujua itafika wapi. Kina mama wamekuamini na ndoo zao. Video ya kujitambulisha isimuumbue mtu mwingine.

Daftari halina tatizo hilo. Ila na lenyewe lina mtego. Usichague ukurasa mzuri na ukurasa mbaya tu ili ionekane pweza wanakwisha. Kati ya wachujaji wa programu ya bahari hakosekani mtaalamu wa samaki, naye anajua kwamba pweza anakua haraka, kwamba maisha yake ni mafupi, na kwamba uzito unabadilika kwa msimu. Ukimlinganishia bamvua ya kaskazi na bamvua ya kusi atacheka moyoni. Chukua mwezi uleule, miaka miwili tofauti, na idadi ileile ya pweza. Hata hapo hujathibitisha kitu, na nitakuonyesha jinsi ya kulisema hilo lenyewe likawa sababu ya wewe kuchaguliwa.

Nimeyapanga upya maneno yako. Tarakimu nimeziweka za mfano, wewe weka zilizomo kwenye daftari, hata kama si za kushangaza kama hizi:

"Hili ni daftari langu. Ukurasa wa Oktoba mwaka juzi: pweza kumi na wawili, kilo kumi na nne. Oktoba mwaka jana: pweza kumi na wawili, kilo nane.

Naitwa fulani binti fulani, wa Kigombe, Tanga. Kila bamvua nakaa pwani na mzani, nawapimia pweza kina mama ishirini na watatu. Nilianza siku mama yangu alipouza ndoo nzima kwa bei ya macho. Sasa tunauza kwa kilo.

Bei tumeipata, jibu bado. Sijui kama pweza wanapungua uzito kwa sababu tunawawahi, au kuna jambo jingine. Na bila kujua, siwezi kuwaambia kina mama waupumzishe mwamba miezi mitatu.

Nataka mwaka mmoja wa kujifunza kulisoma daftari hili pamoja nanyi, kisha nilirudishe Kigombe."

Ni maneno 101. Kwa kasi yako hiyo ni sekunde 54.

Tazama jina lako lilipo. Halijaja kwanza, limekuja kwenye sekunde ya kumi na nne hivi, baada ya mtu kutamani kujua huyu mwenye daftari ni nani. Litamke majina mawili tu, polepole, kisha unyamaze kidogo kabla ya "wa Kigombe". Jina ni neno pekee ambalo msikilizaji hawezi kulibahatisha kwa kusikia yaliyotangulia, na waombaji karibu wote wanalikimbiza kwa sababu wao wenyewe wamelizoea.

Sentensi ya mama yako nimeiacha kwa makusudi, nikakata ile ya "mtoto wa tatu kati ya watoto sita". Zote mbili zinahusu familia, lakini moja inaeleza kwa nini ulinunua mzani. Mchuuzi aliyetupia jicho ndoo na kutaja bei, na mama akaipokea kwa sababu hana cha kubishia, hilo mtu analiona hata kama hajawahi kufika pwani. Na maneno "bei ya macho" ni yako mwenyewe, nimeyatoa kwenye barua yako. Kwenye maandishi ya video ulikuwa umeyabadilisha kuwa "mfumo usio rasmi wa upangaji wa bei". Rudisha yako.

Sehemu inayowatisha wengi ni ile "sijui". Wanaona mwombaji akisema hajui ataonekana dhaifu. Lakini feloshipu ni ya kujifunza. Anayefika akiwa na majibu yote hana anachokifuata kwao. Kinachotofautisha ni aina ya kutojua. "Nataka kupata ujuzi na uzoefu" ni kutojua kusikokuwa na umbo, mchujaji hana la kukusaidia. "Nina vipimo, sijui kama uzito unapungua kwa sababu tunawawahi pweza kabla hawajakua" ni swali ambalo mtaalamu anaweza kuliandalia mwaka mzima wa kazi. Na hapo pia umejikinga na yule bwana wa samaki, kwa sababu umesema wazi kwamba kurasa mbili hazitoshi kutoa hukumu. Kuhusu kuupumzisha mwamba, yaani kuacha kuuvua miezi michache ili pweza wakue, kina mama wa Pemba wameshaingia kwenye kazi hiyo, kwa hiyo wachujaji wataelewa mara moja unazungumzia nini. Usitumie sekunde kuwafafanulia.

Mstari wa mwisho uliokuwa nao, "nikichaguliwa sitawaangusha", nimeutoa. Ni ahadi isiyopimika.

Lugha: zungumza Kiswahili, kwa kuwa wameruhusu. Kama mafunzo yenyewe yatakuwa kwa Kiingereza watakupima kwenye usaili, na fomu yako tayari imeandikwa kwa Kiingereza. Masharti yao yakiruhusu maandishi chini ya picha, weka tafsiri, mistari mifupi.

Usiyakariri haya neno kwa neno. Mtu aliyekariri macho yake yanapanda juu kutafuta neno linalofuata, na akilikosa moja anasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Shika vituo vitano tu: daftari, jina na mzani, ndoo ya mama, sijui, narudi. Katikati ya vituo maneno yakibadilika kidogo hakuna ubaya. Kitu pekee cha kusema vilevile kila mara ni tarakimu. Na usirekodi mara tisa kwa mkupuo. Sauti inachoka, na kuanzia mara ya tano hivi uso unakuwa wa mtu anayetaka yaishe. Rekodi mara tatu, ukanywe maji, urudi baadaye mara tatu nyingine.

Muda wenyewe uweke kwenye 54 au 55, usisogelee 60. Hili nimelilipia. Zamani niliomba programu moja, nikatuma video ya dakika moja na sekunde tatu nikidhani nani atahangaika na sekunde tatu. Mfumo wao ulikuwa unakata wenyewe kwenye 60. Nilikuja kuiona baadaye: nasema kwa msisitizo "na ndiyo maana nataka", halafu kioo cheusi. Mpaka leo sijui walidhani nilitaka nini.

Sasa mahali pa kurekodi, maana naona kwenye picha uliyonitumia umesimama ufukweni, bahari mgongoni, shungi linapepea. Inapendeza kwa macho, ila ina makosa mawili. La kwanza ni mwanga. Simu ikiona bahari inayong'aa nyuma yako inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso unakuwa kivuli. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni upepo. Upepo ukipiga tundu la maikrofoni ya simu unatoa mngurumo ambao huwezi kuuondoa baadaye bila kuharibu na sauti yako. Mchujaji atavumilia picha hafifu, lakini akilazimika kurudisha nyuma ili asikie, hatarudisha.

Ukitaka njia ya usalama, rekodi ndani. Chagua chumba chenye godoro, mapazia na nguo zimetundikwa, kwa sababu vitu laini vinameza mwangwi, tofauti na sebule tupu yenye sakafu ya saruji. Elekea dirisha au mlango ulio wazi ili mwanga ukujie usoni. Simu iwe ya kulala, juu ya ndoo na vitabu mpaka kamera ilingane na macho yako, umbali wa hatua moja ndefu. Ukikaa mbali zaidi ya hapo maikrofoni itaanza kusikiliza chumba badala yako. Angalia saa pia, usianze dakika tano kabla ya adhana.

Lakini kwako wewe ningependa pwani, kwa sababu mzani na ndoo viko huko, na kuna namna ya kuipata bila upepo. Wakati wa bamvua maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, mawimbi yanavunjikia mbali mwambani, na pwani inakuwa kimya kuliko wakati wowote mwingine. Saa hiyo jua limeshakuwa kali, basi ingia kivulini, ndani ya banda la kuuzia samaki au ubavuni mwa ngalawa iliyopandishwa, ukuta ukikukinga na upande unaotoka upepo. Bahari iwe pembeni ya picha, isiwe mgongoni. Najua saa nne ndiyo saa kina mama wako mwambani na wewe unawasubiri na mzani, na hiyo ndiyo nafasi yako, maana wakirudi na ndoo hutakuwa na dakika hata moja. Kabla ya kusema lolote rekodi sekunde kumi, vaa spika za masikioni usikilize. Ukisikia mngurumo wa chini kama lori linalopita mbali, huo ni upepo. Hama.

Daftari ulishike usawa wa kifua, lisifunike mdomo, na lifunguliwe kabla hujaanza kurekodi. Kupekua kurasa kunakula sekunde nne. Majina ya kina mama yaliyomo humo yafunike kwa kidole gumba au karatasi.

Ukimaliza, fanya majaribio mawili. Mpe simu mtu asiyejua unachoomba, jirani au kaka yako anayefanya kazi Muheza mjini, atazame mara moja, halafu umuulize huyu binti anafanya nini na anataka nini. Akisema "anapenda bahari" hujafika. Akisema "anapima pweza, anataka kujua kwa nini wanapungua uzito" imetosha. Jaribio la pili, sikiliza ukiwa umefumba macho. Neno lolote unalolielewa kwa sababu tu unalijua tayari, msikilizaji hatalielewa. Kwako nadhani litakuwa "tunawawahi". Litamke kwa nafasi.

Kutuma ndiko kunakoangusha watu waliofanya yote sawasawa. Usiipitishe video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa mpaka uso unakuwa viraka. Kama huna budi, itume kama faili, kwa kuchagua Document. Kama wanataka kiungo cha YouTube, weka Unlisted. Ukiweka Private wewe utaiona na wao hawataiona, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia. Kwa Google Drive ni Anyone with the link. Kisha fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine ambayo haijaingia akaunti yako. Ikifunguka hapo, itafunguka na kwao.

Jambo moja la mwisho kuhusu daftari. Kwenye barua umesema unafikiria kununua jipya na kunakili kila kitu kwa mwandiko mzuri kabla ya kurekodi. Lile la zamani lina maji ya chumvi, kurasa zimejikunja, na kuna mahali wino umetambaa. Nenda nalo hilohilo.